Tuonyesheni Kilo Zilienda Wapi

Meseji iliingia kwa simu ya shosho saa tatu asubuhi. Shilingi 65,500. Alinipa simu nimsomee mara mbili, halafu akaingia chumbani akatoka na mfuko wa sukari uliojaa karatasi. Risiti 32. Kila moja ni siku aliyobeba matunda ya kahawa mpaka kiwandani, akayamwaga chini, akachambua mekundu na mabichi, akapanga foleni, akapimiwa, akaandikiwa. Zingine zilikuwa zimefifia hadi unasoma kwa kukisia. Tuliketi mezani na kikokotoo cha simu, na jumla ikakaribia sana kilo 1,000. Kwa urahisi wa hesabu, kwenye maandishi haya nitaziita 1,000 kamili.

Chama kilikuwa kimetangaza shilingi 86 kwa kilo. Elfu moja mara 86 ni 86,000. Toa advansi aliyochukua, 12,000. Toa mbolea, 6,500. Toa 2,000 iliyoandikwa “mengineyo”. Inabaki 65,500. Hesabu imekubali. Kila mtu anaweza kwenda nyumbani, si ndio?

Hapana. Nilimuuliza shosho swali moja rahisi: hii 86 imetoka wapi? Akasema, “Karani alisema mwaka huu daraja lilikuwa mbaya.” Nilipopiga simu ofisini kuuliza daraja lilikuwa mbaya kiasi gani, nikaambiwa nije mkutano mkuu wa mwaka.

Hoja yangu ni hii, na sitaizungusha. Karatasi inayoonyesha kilo upande mmoja na bei ya mwisho upande mwingine, bila kuonyesha yaliyotokea katikati, hiyo si rekodi ya malipo. Ni tangazo. Na neno “daraja” ndilo pazia linalotumika kufunika hapo katikati.

Sasa ngoja nikuonyeshe hapo katikati, kwa sababu wengi wetu tuliolelewa na pesa ya kahawa hatujawahi kupaona. Tunakunywa kahawa ya Nyeri kwa kafe za Westlands, tunapanga nyumba Ruiru kwenye mashamba yaliyong’olewa mikahawa, lakini ukituuliza tunda jekundu linakuwaje shilingi, tunanyamaza.

Mkulima hauzi kahawa. Anauza matunda, na matunda ni maji na ngozi kwa sehemu kubwa. Kiwandani yanamenywa, yanachachushwa kwenye matangi, yanaoshwa, kisha yanakaushwa juu ya vitanda vya waya. Kilo 1,000 za matunda zinatoa takribani kilo 200 za kahawa kavu ambayo bado iko ndani ya ganda lake. Hiyo inapelekwa kwa kinu, ganda linatolewa, na kilo 200 zinabaki kama 160 za kahawa safi. Hizo 160 ndizo zinazopigwa mnada kule Soko la Kahawa la Nairobi, kwa dola, kwa bei ya gunia la kilo 50.

Daraja linapatikana kwa kinu, baada ya kukoboa. Punje zinapitishwa kwenye chekecheo zenye matundu ya ukubwa tofauti. Kubwa ni AA, zinazofuata ni AB, zile za duara zinazozaliwa peke yake ndani ya tunda ni PB, ndogo ni C, halafu kuna nyepesi na zilizovunjika. Baada ya hapo wanaonja. Elewa jambo moja: kufika hapo, kahawa ya shosho imeshachanganyika na ya majirani mia kadhaa. Hakuna AA ya shosho. Kuna AA ya kiwanda. Na hilo silipingi, kwa sababu huwezi kuwasha mashine na kutenga tangi moja kwa ajili ya kilo 30 za mtu mmoja. Uchanganyaji ni sawa. Lakini ukishanichanganya na wengine, una deni la kunionyesha mchanganyiko ulileta nini.

Tupige hesabu. Bei nitakazotumia ni za mfano, sio za kiwanda chochote. Tuseme zile kilo 160 zimegawanyika hivi: 32 za AA kwa shilingi 850 kila kilo, 72 za AB kwa 780, 12 za PB kwa 780 pia, 28 za C kwa 650, na 16 za mabaki kwa 450. Ukijumlisha unapata shilingi 118,120. Sasa chama kinatoa gharama zake: mshahara wa karani na mlinzi, stima, usafiri, ada ya kinu, ada ya dalali wa mnada. Tuseme zote pamoja ni asilimia 20, kile kiwango ambacho wakulima wengi wanakijua kama kikomo. Inabaki 94,496. Gawanya kwa kilo 1,000 za matunda. Mkulima anafaa kupata shilingi 94 na senti 50 kwa kilo.

Shosho alipata 86. Tuseme, kwa ajili ya mfano tu, kwamba bei za mnada zilikuwa hizo hizo. Zile nane na nusu zimeenda wapi?

Kuna barabara tatu zinazofika 86, na hapa ndipo mambo yanakuwa matamu.

Barabara ya kwanza ni daraja, ile ya karani. Ili bei ishuke mpaka 86 kwa sababu ya daraja peke yake, AA yote lazima ishuke iwe C, na juu ya hiyo karibu nusu ya AB nayo ishuke iwe C. Yaani kiwanda kizima, msimu mzima, kisitoe hata punje moja ya AA. Inawezekana. Ukame mkali unaweza kudumaza punje. Ugonjwa wa chulebuni unaweza kuharibu matunda. Lakini jambo kubwa hivyo lingeonekana kwa macho. Ungeona matunda madogo, ungeona rundo la matunda yaliyokataliwa pale uwanjani, na kila mtu kijijini angekuwa analizungumzia tangu Novemba. Daraja likishuka kidogo, kwa mfano nusu ya AA ikiwa C, hasara kwa mkulima ni kama shilingi mbili na nusu kwa kilo. Inauma, lakini haifiki nane.

Barabara ya pili ni ukoboaji. Tuseme kilo 200 zenye ganda zilipoingia kinu hazikutoa 160 bali 145. Hakuna kingine kilichobadilika: daraja ni lile lile, mnada ni ule ule, makato ni asilimia 20 ile ile. Kilo 15 tu ndizo hazikuonekana. Piga hesabu tena na utapata shilingi 85 na senti 60. Funga kwa juu, 86.

Barabara ya tatu ni makato. Kilo ni 160, daraja ni zuri, bei ni nzuri, ila chama kimetoa asilimia 27 badala ya 20. Jibu: 86 na senti 20. Ondoa senti, 86.

Unaona mchezo? Hadithi tatu tofauti kabisa, namba moja. Moja ni bahati mbaya ya mvua. Nyingine inaweza kuwa wizi njiani au kwa kinu. Nyingine ni kamati inayojilipa posho za vikao. Ukiwa na risiti za kilo na bei ya mwisho pekee, huwezi kuzitofautisha hata uwe mhasibu. Mimi sisemi chama cha shosho kiliiba. Sijui, na hilo ndilo linaniudhi. Nimenyimwa hata uwezo wa kujua kama nimeibiwa. Na anayefanya kazi yake kwa uaminifu naye amenyimwa uwezo wa kujitetea.

Zile kilo 15 zinaweza kuwa na maelezo ya haki. Kahawa inafaa kukaushwa mpaka unyevu ubaki asilimia 10 hadi 12. Kiwanda kikiharakisha na kuipeleka ikiwa bado na unyevu wa 14, kinu kitaimalizia kukausha, maji yataondoka na uzito utaondoka nayo. Au matunda mabovu hayakuchambuliwa vizuri, punje zikawa hewa tupu ndani. Lakini maelezo hayo yana alama zake. Unyevu hupimwa gunia likifika kinu, na huandikwa. Kama karatasi ya kinu inasema unyevu ulikuwa 11 na bado kilo zimepungua hivyo, basi maji hayahusiki na mtu fulani ajibu.

Turudi kwa mzani, kwa sababu huko ndiko kila kitu kinaanzia. Kwenye risiti zote 32 za shosho hakuna hata moja yenye nusu kilo. Zote ni namba kamili: 28, 31, 34. Matunda ya kahawa hayajui kuhesabu kwa namba kamili, kwa hivyo kuna mtu anayekata zile za ziada. Ukikata kila mara kwenda chini, kwa wastani unapoteza nusu kilo kila safari. Safari 32 ni kilo 16. Kisha kuna ile kilo moja ya gunia. Zamani gunia lilikuwa la katani, na lilikaribia kilo moja kweli. Siku hizi shosho anabeba gunia la plastiki ambalo halifiki hata robo kilo likiwa kavu. Siku ya mvua sawa, lina maji, toeni kitu. Siku ya jua, mnapima nini?

Watu wa kamati wana jibu la hili, na sio jibu la kijinga. Wanasema kilo zilizokatwa hazipotei. Ziko kwenye tangi, zinakuwa kahawa, zinauzwa, na zinarudi kwa wote kama bei nzuri zaidi. Ni kweli, kama vitabu ni safi. Lakini hata hapo kuna dhuluma ya kimya. Mwenye shamba kubwa analeta kilo 400 kwa lori mara moja na anakatwa nusu kilo moja. Shosho akileta kilo 400 kwa mgongo wake ni safari 13, nusu kilo 13 na magunia 13. Kinachokatwa kwake kinagawanywa kwa wote kulingana na kilo, na mwenye kilo nyingi anapata fungu kubwa. Mdogo anamlipia mkubwa, na hakuna aliyepigia hilo kura.

Na kama vitabu sio safi, kilo hizo zina kazi nyingine. Chukua kiwanda chenye wakulima 1,000 wa saizi ya shosho. Nusu kilo zao zinafika tani 16 kwa msimu. Ni matunda halisi yasiyo na jina. Kinachohitajika ni jina. Anaandikwa mkulima hewa kwenye daftari, anapewa namba ya uanachama, “anapeleka” tani kadhaa, na siku ya malipo analipwa 86 kwa kilo kama wewe tu. Mzani haukuibiwa, kinu hakikuibiwa, hesabu za mwaka zinakubali kabisa. Utamkamata tu ukilinganisha kilo zilizoandikwa siku hiyo kwa majina yote na kilo zilizoingia kwenye mashine siku hiyo hiyo. Ndiyo maana hiyo orodha ya siku inafaa kubandikwa ukutani kila jioni, kabla karani hajaenda nyumbani.

Najua mtu hapo ataniambia, lakini tuna DSS sasa. Ndiyo, tunao mfumo wa malipo ya moja kwa moja, pesa za mnada zinapita kwa benki na kila anayedai analipwa fungu lake humo badala ya kupitia mikono mingi. Ni hatua nzuri na sitaki irudi nyuma. Lakini mfumo wa kulipa hulipa namba unayoupa. Ukiupa kilo za uongo, utalipa uongo kwa haraka sana, tena na meseji ya kukupongeza. Sisi vijana wa M-Pesa tuna ugonjwa huu: tukiona pesa imeingia kwa simu tunadhani tumeona ukweli. Tumeona mwisho wa safari tu.

Kuna pingamizi lingine ambalo nimelisikia kutoka kwa watu waliosoma: wakulima ni wazee, ukiwapa karatasi ya mistari kumi utawachanganya. Manze. Hawa wazee ndio waliohesabu debe tangu wakiwa watoto. Shosho anakumbuka bei ya kila mwaka, nani alikuwa mwenyekiti, na nani alijenga nyumba ya mawe mwaka upi. Hakuna mtu aliyewahi kuwa na huruma ya kumwonea mzee uchungu wa hesabu alipokuwa anamkata mkopo wa mbolea na riba yake.

Na sio ati namba hazipo. Kila shehena inayoingia kinu hupewa namba yake. Kinu huandika kilo zilizoingia, kilo zilizotoka, na kilo za kila daraja. Mnadani kila fungu lina bei yake. Dalali hutoa taarifa ya mauzo. Karatasi hizi zote zinafika ofisi ya chama na zinaingia kwenye faili. Kinachokosekana ni hatua moja ya kuzinakili kwa lugha ya mkulima na kumpa.

Kwa hivyo karatasi ninayoidai ina mistari hii. Kilo zangu za matunda, kila siku na tarehe yake, hadi sehemu ya kumi ya kilo, na uzito wa gunia uliotolewa. Kilo zilizokataliwa na kupelekwa kukaushwa kama mbuni, kwa bei yake peke yake. Kilo za kiwanda kizima. Kilo zenye ganda zilizopelekwa kinu, na unyevu wake. Kilo safi zilizotoka, kwa kila daraja. Bei ya kila daraja mnadani, na dola ilibadilishwa kwa shilingi ngapi. Makato ya chama, kila moja kwa jina lake. Hapo ndipo ije bei kwa kilo, na baada ya hapo madeni yangu binafsi.

Angalia ule mpangilio wa makato, una maana. Kuna makato kabla ya bei kutangazwa na kuna makato baada. Yale ya baada, advansi na mbolea, yanaonekana, na ndiyo tunayogombania kwa kaunta mpaka sauti zinakauka. Yale ya kabla ndiyo makubwa, na hatuyaoni kwa sababu yamemezwa ndani ya ile 86. Kwa mfano wetu, asilimia 20 ni shilingi 23,624 kutoka kwa kahawa ya shosho peke yake. Hakuna aliyemuuliza. Alikuwa bize akibishana kuhusu zile 2,000 za “mengineyo”, ambazo hadi leo hakuna aliyemwambia ni nini. Kwenye karatasi yangu neno “mengineyo” halipo. Kama kitu hakina jina, hakikatwi.

Wewe unayesoma hii ukiwa kwa matatu ya Thika Road, pengine namba yako ndiyo iliyoandikishwa kwa chama kwa sababu mzee hana simu nzuri. Meseji inaingia kwako, unatuma nyumbani, unaendelea na siku yako. Msimu huu usiishie hapo. Mwambie ahifadhi risiti, uzipige picha kila wikendi kabla wino haujafifia, ujumlishe. Halafu mkutano mkuu ukiitishwa, nenda naye. Usiende na hasira ya wizi, kwa sababu watakuuliza ushahidi uko wapi na watu watakucheka. Nenda na maswali manne: matunda ya kiwanda kizima yalikuwa kilo ngapi, kahawa safi iliyotoka ilikuwa kilo ngapi, iliuzwa kwa jumla ya pesa ngapi, na chama kilibaki na ngapi. Gawanya ya kwanza kwa ya pili. Ikikaribia sita na kidogo, tulia. Ikipita saba, uliza kuhusu unyevu na matunda yaliyokataliwa, na usiketi chini mpaka ujibiwe.

Nilimwandikia shosho maswali hayo kwa herufi kubwa nyuma ya risiti moja. Alisoma polepole, akauliza kwa nini hilo la pili linahitajika, nikamweleza. Akanyamaza kidogo.

“Mjukuu wangu,” akasema, “miaka hii yote nimekuwa nikiuliza bei.”

Akaikunja ile risiti, akairudisha kwenye mfuko wa sukari pamoja na zingine 31. Mkutano ni mwezi ujao. Nimeshaomba ruhusa kazini.